Onyo kwanza, mkono baadae: namna ya kukagua mzinga mbele ya watu

Mzinga nnaousema hapa upo shambani upande wa Konde, Pemba, chini ya mwembe, umening'inizwa kwa waya nne usawa wa kiuno. Ni ule mzinga wa sanduku refu wenye viunzi juu, yale mabao membamba yanayolala moja kando ya jengine na nyuki wanajenga sega moja chini ya kila kiunzi. Huu wangu una viunzi 24. Mlango wa nyuki upo mbele, mie nafungua kwa nyuma.

Nimeombwa mara nyingi niandike yale maneno nnayoyasema nikiwa nawaonesha watu wapya, maana kuna watu wanajua kazi lakini wakisimama mbele za watu wanachanganya, wanafungua mzinga kwanza halafu ndo wanaanza kusema "msimame mbali", na hapo nyuki washatoka. Mie onyo nasema kabla ya kila hatua, nasema nikiwa nimegeuka kando, halafu nanyamaza na mkono ndo unafanya kazi. Sababu si adabu tu. Pumzi ya binaadamu inawachafua nyuki sana, ukiongea huku uso umeinamia masega unawapulizia pumzi ndani ya nyumba yao na wao wanajua hapa kaja mnyama. Kwa hivyo maneno ya kila hatua yaishe kabla mkono haujaanza kazi.

Nakuja shambani baada ya alasiri, saa kumi na nusu hivi. Jua limepungua, masega hayalainiki kwa joto, na kubwa zaidi ni kuwa mambo yakiharibika kiza kinakaribia na nyuki watarudi ndani, wakati ukiwaharibu saa nne asubuhi watasumbua mtaa mzima mpaka magharibi. Siku ya mvua au kusi likivuma kwa nguvu siendi, wote wamo ndani na hawana raha.

Onyo la kwanza nalisema hata nguo hatujavaa, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote:

"Jamani, kabla hatujagusa chochote, tazameni huku na huku. Kuna ng'ombe au mbuzi kafungwa? Mfungueni mumpeleke mbali. Wewe utakimbia, yeye ana kamba shingoni. Na watoto wanaotoka chuoni wanapita njia ile, mmoja wenu akasimame pale awazuie. Nani kashawahi kuumwa na nyuki akavimba uso, akatoka vipele mwili mzima, akashindwa kuvuta pumzi? Huyo leo hakai hapa, na hakuna kuona haya."

Hili la mwisho watu wanalipuuza. Kuvimba pale ulipoumwa, hata mkono mzima ukajaa, ni kawaida. Lakini mtu kaumwa mguuni halafu midomo inavimba, sauti inakwama, anatapika, anaona kizunguzungu, huyo anahitaji sindano ya adrenalini na anaihitaji sasa hivi, si mambo ya kumpaka ndimu. Kutoka huku kwetu mpaka hospitali ya Wete au Micheweni si mbali lakini chombo lazima kiwepo, kwa hivyo mie sianzi kama hakuna pikipiki au gari iliosimama kando na mwenyewe yupo. Na hata asiekuwa na mzio, akiumwa na nyuki wengi kwa pamoja, hasa mtoto au mzee, apelekwe tu, asisubiri kuona.

Halafu nguo:

"Aliekuja na udi, na asumini, na perfyumu, leo atatuangalia kutoka mbali. Nguo nyeusi hapana. Kina mama, buibui livuliwe au livaliwe ovaroli nyeupe juu yake. Mtandio uvae ndani ya kofia lakini wavu usiguse uso, maana nyuki anadunga kupitia wavu. Suruali ingize ndani ya viatu vya mpira. Zipu ya shingoni kila mtu amkague mwenzake, usijikague mwenyewe."

Nyuki wanavamia kitu cheusi na chenye manyoya kuliko cheupe, ndo maana nguo zetu nyeupe. Na hilo la zipu nalisema kwa uchungu, mie mwenyewe niliwahi kuiacha wazi upana wa kidole kimoja tu, nyuki akaingia, akapanda, akanidunga kwenye kope. Siku mbili jicho moja. Ukisikia nyuki ndani ya kofia usiivue pale pale, ondoka pole pole mpaka mbali na mzinga ndo uvue, kwa sababu mmoja alie ndani ni afadhali kuliko hamsini walio nje.

Sasa moshi. Bomba la moshi sisi tunatia makumbi ya nazi makavu, yakishika vizuri unaongeza mengine na juu kabisa unaweka majani mabichi kiasi. Moshi unaotakiwa ni mweupe na wa baridi.

"Moshi huu ni moto, msisahau. Sitii plastiki wala kitambaa chenye mafuta. Kabla sijawapulizia nyuki najipulizia mwenyewe kwenye mkono, ukiniunguza mie na wao utawaunguza mbawa. Bomba halilazwi kwenye majani makavu, linakaa kwenye mchanga au juu ya jiwe, na ndoo ya maji ipo hapa."

Baada ya hapo napuliza mara tatu mlangoni, pole pole, halafu nasubiri dakika mbili. Watu hawapendi kusubiri, wanadhani moshi unawalewesha nyuki kama dawa. Si hivyo. Nyuki akidunga, au akipondwa, anatoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hio inafanana na ndizi mbivu (ndo maana mie siku ya mzinga sili ndizi, hata kama ni imani tu). Moshi unaifunika ile harufu wasisikilizane. Pia wakisikia moshi wengi wanakimbilia asali wajaze matumbo, kama watu waliosikia nyumba inataka kuungua wanakusanya vitu vyao, na nyuki alieshiba hana haraka ya kugombana. Hayo mambo mawili yanataka muda kidogo. Ukipuliza na kufungua hapo hapo umepuliza bure.

Na moshi ukizidi nao ni kosa, masega yananuka moshi, nyuki wanatoka nje wote wanakimbia, na wewe huoni kitu.

Hatua ya kufungua, nageuka kando nasema:

"Mie nipo nyuma ya mzinga, na nyie kaeni nyuma yangu au ubavuni. Hakuna anaesimama mbele ya mlango, ile ni barabara yao. Simu zizimwe mtetemo. Nyuki akikutua mkononi usimpige, muache atembee. Ukidungwa usipige kelele, ukwangue mwiba kwa ukucha haraka, halafu niambie nipulize moshi pale pale. Nikisema 'tunafunga', tunafunga, hatubishani."

Mwiba unabaki na kifuko cha sumu kinachoendelea kupampu hata nyuki keshaondoka. Zamani tulikuwa tunabishana kama ni kuukwangua au kuushika ukauvuta, lakini lililo muhimu ni kuwahi, ukipoteza nusu dakika kutafuta wembe au kadi ya simu sumu ishaingia. Na pale ulipodungwa pana ile harufu ya ndizi, bila ya moshi wengine watakuja kudunga hapo hapo.

Uzuri wa mzinga wa viunzi ni kuwa viunzi vyenyewe vimegusana, kwa hivyo nikitoa kifuniko cha juu bado nyumba imefungwa. Hapa ndipo utulivu wote ulipo, na mtu akiniuliza siri ya kukagua nyuki wetu hawa wakali bila ya vita ntamwambia ni tundu moja tu. Usifungue mzinga wote. Unatoa kiunzi kimoja, unakagua, unakisogeza nyuma, unatoa kinachofuata, na siku zote uwazi ni ule wa kiunzi kimoja au viwili. Wale walio chini ya viunzi vyengine wapo kizani na hawajui kama upo.

Nagonga viunzi kwa kidole kuanzia nyuma. Kilicho kitupu kinalia kama debe, chenye sega kinajibu kizito. Siku nnayowahadithia, 24 mpaka 13 vilikuwa vitupu. Nikatoa vitatu vya mwisho nikaviweka chini kupata nafasi.

Kabla ya kutoa sega la kwanza onyo ni hili:

"Sega ni nta, halina waya ndani. Linashikwa likiwa limening'inia kama lilivyo ndani ya mzinga. Haliinamishwi upande, halilazwi kama kitabu. Mkitaka kuona upande wa pili mie nageuka, sega haligeuki. Na kabla sijainua nakata pembeni kwa patasi, maana mara nyingine wameligandisha kwenye ukuta."

Mara ya kwanza maishani mwangu kuonesha watu nilililaza ili wote waone. Lilikuwa jipya, jeupe, limejaa asali mbichi, na jua lilikuwa kali. Likakatika kwenye kiunzi, likaanguka ndani ya mzinga, asali ikamwagika, nyuki wakapondwa. Tulikimbia mpaka barabarani. Siku hio ndo nilijifunza pia kuwa ukikimbia usiingie majini, wanakusubiri juu. Unafunika uso, unakwenda moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari na kufunga milango, na usipite penye watu ukawagawia.

Haya, turudi. Kiunzi cha 12 sega dogo jeupe, tupu. Cha 11 na 10 asali mbichi inayong'ara, haijazibwa, ukitikisa inadondoka. Hio haivunwi kwa sababu maji ni mengi na ukiitia kwenye chupa itachacha. Cha 9 kimezibwa kwa nta karibu chote, hicho ndo kimeiva, lakini nilikiacha kwa sababu ntakayoieleza. Nikaona kitu: masega ni mengi lakini nyuki ni wachache juu yake, kama nyumba kubwa wamehama nusu ya watu.

Tukaingia kwenye majana, yaani watoto wa nyuki. Hapa nasimama tena:

"Sasa tunaingia chumba cha kulea. Hapa wakali zaidi na malkia anaweza kuwepo. Haraka hapana, kugonga hapana. Kila sega likae nje muda mfupi, majana yanataka joto. Mkisikia sauti imepanda, au nyuki wanagonga wavu kama mvua juu ya bati, tunafunga hata kama hatujaona kitu."

Kiunzi cha 8 juu asali, kati chavua ya rangi ya manjano na ya kahawia, chini majana yaliozibwa. Cha 7 majana yaliozibwa, na matundu mengi matupu ambayo watoto washatoka. Nikatafuta mayai. Namna ya kuyaona, jua liwe nyuma ya bega lako liingie mpaka chini ya tundu, yai ni kama kipande cha uzi mweupe kimesimama kwenye kitako. Hakuna. Nikatafuta funza weupe waliojikunja. Hakuna. Cha 6 vile vile.

Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Ami, malkia kafa hapa."

Si jibu baya, lakini tuhesabu kwanza. Nyuki kibarua anakuwa yai siku 3, halafu anakuwa funza siku 5 au 6, halafu tundu linazibwa. Ikiwa kila kilichopo kimezibwa basi hapajatagwa yai kwa siku 8 au zaidi. Hilo tu ndo tunalolijua. Ama kwa nini, tutazame ukingo wa sega. Chini ya kiunzi cha 7 palikuwa na vijumba vitatu vinavyoning'inia, virefu kama ganda la njugu. Hivyo ni vijumba vya malkia. Kimoja ncha yake imekatwa duara safi, imebaki na kama kifuniko kidogo. Viwili vimetobolewa ubavuni.

Hapo hadithi imejisema. Kundi lilijaa, malkia mkongwe akapunguza kutaga, akaondoka na nusu ya nyuki kwenda kutafuta kwao kwengine, ndo maana nyuki wachache. Waliobaki walikuwa wamelea malkia wapya, wa kwanza alietoka kwa ncha akawaua wenziwe kwa kutoboa ubavu kabla hawajatoka. Malkia anachukua siku 16 tokea yai mpaka kutoka, lakini akitoka hatagi siku ile, anatakiwa apate nguvu, aruke nje akutane na madume, arudi, ndo baada ya siku kadhaa aanze. Yote hayo weka kama wiki mbili, na hali ya hewa ikiwa mbaya zaidi ya hapo.

Kwa hivyo kazi yetu siku ile ilikuwa kufunga. Ukitia malkia mwengine utasababisha vita, ukivuna kile kiunzi cha 9 unawanyang'anya chakula wakati hawana watu wa kutosha wa kutafuta chengine. Na usikae kumtafuta malkia bikira, ni mdogo, anakimbia kama mende, ukimponda ndo kweli umewaua wote kwani hakuna tena yai la kulea mwengine.

Kufunga kuna onyo lake, na watu ndo wanaumwa hapa kwa kuwa washachoka:

"Bado hatujamaliza. Kila kiunzi kinarudi mahala pake na upande wake ule ule. Nakiteremsha kwa pembeni, nakisukuma kikitetemeka kidogo ili nyuki waliopo ukingoni wahisi waondoke. Nyuki mmoja akipondwa harufu yake inaita wengine, na sasa wote washaamka."

Moshi kidogo sana juu ya viunzi, viunzi vinarudi, vile vitatu vitupu vinarudi, kifuniko. Kisha waya, girisi ile iliopakwa kuzuia chungu na siafu nikaikuta imekauka na jani la mwembe limegusa sanduku, yaani daraja la chungu. Kundi dhaifu kama hili chungu wanalimaliza. Nikakata tawi, nikapaka upya. Jumla tulitumia kama dakika 20, sizidishi hapo.

"Hakuna anaevua kofia bado. Tunatembea pole pole, tunapita kwenye vichaka ili waliotufuata watupoteze, tukifika barabarani tunatazamana migongo na kupangusana, halafu ndo zipu."

Bomba nililimwagia maji mpaka likaacha kutoa moshi. Makumbi yanadanganya, yanaonekana majivu kumbe ndani mekundu.

Nilirudi peke yangu baada ya siku 14, moja kwa moja kwa mpangilio ule ule, onyo nikajisemea mwenyewe kimoyomoyo. Nilikuwa nnaogopa jambo moja: malkia akipotea huko angani, baada ya muda vibarua wenyewe wanaanza kutaga, na utajua kwa kuona mayai mawili matatu ndani ya tundu moja, mengine yamebandikwa ukutani kwa sababu matumbo yao mafupi hayafiki chini, na yote yanazaa madume tu. Kundi la hivyo kulirudisha ni kazi ngumu.

Kiunzi cha 6, jua begani, nikaona duara la mayai kama kiganja cha mkono, moja kwa kila tundu, yamesimama katikati ya kitako. Malkia sikumuona na sikumtafuta. Nikafunga.